Karma: Kutenda si Kuandikiwa

Mwishoni mwa Januari 1999, gazeti la Times la London lilichapisha mahojiano na Glenn Hoddle, kocha wa timu ya taifa ya Uingereza. Mazungumzo yalitoka kwenye mpira yakaingia kwenye imani yake kwamba mtu akifa huzaliwa tena. Hapo, kwa mujibu wa gazeti, kocha alisema kuwa watu wenye ulemavu wanavuna walichokipanda katika maisha waliyoishi zamani. Hoddle alilalamika kwamba maneno yake yamepindishwa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Watetezi wa watu wenye ulemavu walikuja juu, Waziri Mkuu Tony Blair naye akatia neno, na tarehe 2 Februari kibarua cha kocha kikaota nyasi.

Siku hizo neno karma lilitajwa sana, na hata leo halijapoa. Kwa Kiswahili cha mitandaoni limeshakuwa neno la kawaida. Tapeli akitapeliwa, watu huandika “karma”. Mume aliyemwacha mkewe kwa ajili ya binti mdogo naye akiachwa, jibu ni hilohilo, na wengine huongeza kwamba malipo ni hapahapa duniani. Wapo pia wanaolitumia kwa maana iliyo kinyume kabisa: mtu akipatwa na msiba asioujua chanzo chake, husema ndiyo karma yake, kama vile angesema ndivyo alivyoandikiwa. Matumizi ya kwanza yanaifanya karma kuwa kisasi, na ya pili yanaifanya majaaliwa. Wahindu na Wabudha waliolifikiria neno hili kwa zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano wangeshangazwa na yote mawili, ingawa, kama itakavyoonekana, hata kwao wapo walioteleza palepale alipoteleza kocha.

Neno lenyewe halina fumbo. Katika Kisanskriti linatokana na mzizi wenye maana ya kufanya, na karma ni tendo. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, hutamkwa kamma. Neno hilohilo lilisagika midomoni mwa watu karne kwa karne hadi likawa “kam”, ambalo kwa Kihindi na Kigujarati ni kazi, kazi ya kawaida ya dukani au jikoni. Mzee wa Kigujarati katika duka la vitambaa Mombasa anayemwambia mwanawe aache mchezo afanye kam anatamka kitukuu cha karma bila kujua. Na India ya leo, mfanyakazi wa serikali huitwa karmachari, yaani mwenda kazi. Kwa hiyo Mhindi akilitaja neno hili, kinachokaa mbele ni mkono unaofanya, na pigo linaloshuka kutoka juu liko mbali sana na maana hiyo.

Zamani kabisa, katika Veda, tendo lililohesabiwa lilikuwa ibada: kuwasha moto wa sadaka inavyotakiwa, kumimina samli kwa wakati wake, kutamka maneno bila kukosea. Ibada ikifanywa sawasawa, mvua na mifugo vingefuata. Kisha yakaja mabadiliko ambayo katika Brihadaranyaka, mojawapo ya Upanishadi za kale zaidi, yamesimuliwa kama siri. Katikati ya mjadala wa hadharani, mtu mmoja anamuuliza mwalimu Yajnavalkya: mtu akifa, na mwili wake ukarudi kwenye udongo, maji na upepo, yeye mwenyewe anabaki wapi? Yajnavalkya anamshika mkono, anamwambia jambo hilo halisemwi mbele za watu, na wanakwenda pembeni wawili. Msimulizi anatudokeza walichozungumza huko: karma. Mtu huwa mwema kwa matendo mema, huwa mbaya kwa matendo mabaya. Hapo tendo lilivuka uwanja wa sadaka likaingia katika maisha yote.

Budha, aliyeishi kaskazini mwa India takriban karne ya tano kabla ya Kristo, alilisogeza neno hatua nyingine. Kwake karma ni nia. Anayekanyaga mdudu gizani bila kujua na anayemsaka ili amuue wanaacha mdudu mmoja aliyekufa, lakini hawajafanya jambo moja. Wajaini walikuwa na mtazamo tofauti: kwao karma ni kama vumbi jembamba linaloigandama roho, na hata dhara lisilokusudiwa huacha vumbi lake. Ndiyo maana watawa wao hufagia njia mbele ya miguu yao.

Ili kuelewa Wabudha walikuwa wakibishana na nani, inafaa kumkumbuka mtu ambaye leo karibu amesahaulika, Makhali Gosala. Alikuwa kiongozi wa watawa walioitwa Waajivika, na aliishi zama za Budha. Kwa mujibu wa maandiko ya Kibudha, Gosala alifundisha kwamba kila kitu kimeshapangwa. Roho zote zitapita maisha yaliyokadiriwa hadi mwisho, kama donge la uzi lililorushwa linavyojifungua mpaka uzi uishe. Kuwa mwema hakufupishi safari, kuwa mwovu hakuirefushi. Waajivika hawakuwa kikundi cha vichochoroni. Mfalme Ashoka, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, aliwapa mapango yaliyochongwa katika vilima vya Barabar huko Bihar, na kuta zake zilizosuguliwa zikang’aa kama kioo zipo hadi leo.

Huyu ndiye aliyekuwa mtu wa majaaliwa. Na Budha, ambaye aliwavumilia wapinzani wengi, alilisema fundisho la Gosala kwa ukali wa pekee. Alilifananisha na shuka iliyofumwa kwa nywele za binadamu: wakati wa baridi ni ya baridi, wakati wa joto inachoma, inanuka, na haifai kwa lolote. Wanaodhani karma na majaaliwa ni kitu kimoja wangepaswa kuanzia hapo.

Lakini upo upinzani mwingine uliokuwa mgumu zaidi kujibu, kwa sababu ulitoka kwa watu walioiamini karma kupita kiasi. Siku moja, Budha akiwa Rajagaha katika kichaka cha mianzi alichopewa na mfalme, alijiwa na mtawa mtembezi jina lake Sivaka. Sivaka alikuwa na swali moja. Wapo walimu, alisema, wanaofundisha kwamba chochote mtu anachokihisi, kiwe raha, maumivu au hali ya katikati, kinatokana na matendo yake ya zamani. Budha anasemaje?

Jibu alilopewa lingefaa kubandikwa ukutani katika vyumba vya habari vya michezo. Budha hakuanza na maisha yaliyopita. Alianza na nyongo. Kuna maumivu yanayotokana na nyongo, alisema, na hilo mtu anaweza kulijua mwenyewe, na watu wote wanakubali kuwa ni kweli. Kuna yanayotokana na belghamu. Kuna yanayotokana na upepo mwilini. Kuna yanayotokana na mchanganyiko wa hayo matatu. Msomaji wa pwani aliyewahi kukaa mbele ya mganga wa tiba ya Kiyunani ataitambua lugha hii, maana ni ya utabibu kabla haijawa ya dini. Kisha kuna maumivu yanayoletwa na mabadiliko ya majira, kuna yanayoletwa na kutojitunza, na kuna yanayotokana na kushambuliwa. La nane, na la mwisho katika orodha, ni maumivu yanayotokana na karma iliyoiva.

Moja kati ya nane. Wanaodai kwamba kila kitu ni matunda ya zamani, Budha alimwambia Sivaka, wanapita kile wanachokijua wenyewe na kile ambacho dunia nzima inakubali kuwa kweli. Ni jibu la mtu anayeheshimu ushahidi. Mwenye kichomi baada ya kulala nje kwenye umande hana haja ya kupekua maisha yake ya zamani. Aanze na umande.

Katika mazungumzo mengine Budha alitoa sababu ya pili, na hii ni ya kimaadili. Kama kila jambo linatokana na matendo ya zamani, basi muuaji anaua kwa sababu ya zamani, na mwizi anaiba kwa sababu ya zamani. Hakutakuwa na nia wala juhudi, wala maana ya kumwambia mtu fanya hili, acha lile. Aliliweka fundisho hilo kapu moja na mengine mawili: kwamba kila kitu ni amri ya muumba, na kwamba mambo hutokea bila sababu yoyote. Yote matatu, kwa maoni yake, yanamkalisha mtu akikunja mikono. Karma ilikuwa imekusudiwa kumwinua.

Karne chache baadaye swali la Sivaka lilirudi kwa sura kali zaidi. Katika kitabu cha Maswali ya Milinda, mfalme mwenye asili ya Kiyunani anahojiana na mtawa Nagasena. Inajulikana, anasema mfalme, kwamba Devadatta, binamu aliyemwonea Budha wivu, alibiringisha jiwe kutoka mlimani ili amuue, na kibanzi cha jiwe kikamjeruhi mguu hadi tabibu Jivaka akaitwa. Inajulikana pia kwamba Budha alikuwa ameshateketeza uovu wote ndani yake. Sasa lipi ni la uongo? Ama mguu haukuuma, ama uovu haukuwa umekwisha.

Nagasena anajibu kwa donge la udongo. Mtu akitupa donge juu, likaanguka ardhini, je, ardhi imepigwa kwa sababu ya makosa yake ya zamani? Mfalme anakubali kwamba ardhi haina makosa. Basi na mguu wa Budha ni hivyohivyo: kibanzi kiliruka, mguu ukawa njiani. Nagasena anaendelea kusema kwamba sehemu inayotokana na karma ni ndogo, na iliyobaki ni kubwa zaidi. Haki inataka isemwe kwamba si Wabudha wote waliridhika na jibu hilo. Katika mkusanyo huohuo mtakatifu wa Kipali limo andiko linaloeleza maradhi na majeraha ya Budha, moja baada ya jingine, kuwa ni mabaki ya matendo yake katika maisha ya kale. Mvutano wa Sivaka haukuisha na Sivaka.

Hata pale ambapo karma ndiyo chanzo, haifanyi kazi kama mizani ya duka, kilo kwa kilo. Budha alitoa mfano wa chumvi. Mtu akitia bonge la chumvi katika kikombe kidogo cha maji, maji hayo hayanyweki. Bonge lilelile akilitupa katika mto Gange, anayechota chini yake hatajua kitu. Chumvi haijapungua; kilichobadilika ni maji. Watu wawili wakifanya kosa dogo la aina moja, yule aliyeishi bila kujichunga, mwenye moyo finyu, anaweza kuburutwa na kosa hilo hadi motoni, na yule aliyeupanua moyo wake kwa wema na utulivu akalihisi kidogo tu, hapahapa, likapita. Budha aliongeza mfano wa mahakama ambao haujachakaa. Maskini hutupwa gerezani kwa nusu sarafu, na tajiri hafungwi kwa nusu sarafu ileile. Alilitaja hilo kama jambo ambalo kila msikilizaji alikuwa ameshaliona kwa macho yake.

Kinachofuata ni muhimu kuliko mfano. Budha alisema waziwazi kwamba kama mtu angelazimika kulipwa kila tendo kwa kipimo kilekile alichotenda, maisha ya utawa yasingekuwa na maana, kwa sababu kusingekuwa na njia ya kutoka. Ndiyo maana pia aliwaonya wanafunzi wasijaribu kupiga hesabu kamili ya matunda ya karma. Atakayejaribu, alisema, atarukwa na akili. Anayeandika “karma” chini ya picha ya ajali ya jirani yake anajifanya ameshaifanya hesabu hiyo.

Kwa Wahindu picha ni pana zaidi, kwa kuwa Uhindu hauna mwalimu mmoja wala kitabu kimoja. Wengi wao, tofauti na Wabudha, wanaamini katika atman, nafsi isiyokufa inayovua mwili na kuvaa mwingine. Wabudha wanaikana nafsi hiyo. Kwao kinachopita kutoka maisha hadi maisha ni kama mwali wa taa unaowasha taa nyingine, pasipo kitu kilichochukuliwa kutoka moja kupelekwa kwa nyingine. Wahindu wengi pia wanamtia Mungu katika jambo hili. Katika mapokeo ya Vedanta, Shankara alieleza kwamba Mungu ni kama mvua: hunyesha sawasawa juu ya mpunga na juu ya shayiri, lakini mpunga hutoa mpunga na shayiri hutoa shayiri. Tofauti imo katika mbegu.

Kilimo ndicho kinachotumika pia kueleza aina tatu za karma ambazo mtoto wa Kihindu huenda akazisikia kwa bibi yake. Fikiria familia ya wakulima. Ghalani wana nafaka iliyorundikwa kwa misimu mingi. Hiyo ni sanchita, matendo yote yaliyokusanyika. Sehemu imeshatolewa, imetwangwa, iko chunguni inachemka. Hiyo ni prarabdha, iliyokwisha kuanza kuzaa matunda, na ndiyo iliyoamua mtu kuzaliwa wapi, na wazazi gani, katika mwili upi. Na shambani wanapanda nyingine kwa ajili ya kesho. Hiyo ni agami. Kilicho chunguni hakirudi kuwa mbegu, lazima kiliwe. Anayesema karma ni majaaliwa amekitazama chungu tu. Hajalitazama shamba, na walimu wengi wa Vedanta wangeongeza kwamba hata ghala lote linaweza kuteketezwa kwa ujuzi wa kweli.

Mjadala kati ya chungu na shamba umo ndani ya Mahabharata yenyewe. Katika kitabu chake cha kumi na tatu, mzee Bhishma amelala juu ya kitanda cha mishale, anasubiri kufa, na mfalme Yudhishtira anamuuliza kipi kina nguvu zaidi, daiva au purushakara, yaani majaaliwa au juhudi ya mtu. Jibu analopewa ni kwamba majaaliwa ni mbegu na juhudi ni shamba. Mbegu bila shamba haioti, na majaaliwa bila juhudi hayafiki popote. Sheria za Yajnavalkya zinasema jambo hilohilo kwa gari la kukokotwa: haliendi kwa gurudumu moja.

Lakini simulizi inayokaa moyoni zaidi iko sura chache kabla ya hapo. Vita vimekwisha. Yudhishtira ameshinda na hana raha, kwa sababu waliokufa ni ndugu zake. Bhishma anamsimulia habari za mwanamke mzee, Gautami.

Mwana wa Gautami aliumwa na nyoka akafa. Mwindaji aitwaye Arjunaka akamkamata nyoka, akamfunga kwa kamba, akamleta kwa mama. Akamuuliza: nimtupe motoni, au nimkatekate vipande? Gautami akasema mwachie, kumuua hakutamrudisha mwanangu. Mwindaji hakukubali. Nyoka huyu ataua wengine, alisema, na maadui huuawa. Wakabishana kwa kirefu, na hoja za mwindaji hazikuwa za kijinga. Ndipo nyoka mwenyewe, akihema kwa maumivu ya kamba, akajitetea: sikumuuma kwa hasira, nilitumwa na Mauti. Mwindaji akamjibu kwamba hata aliyetumwa ana hatia. Mauti akatokea, akasema naye alisukumwa na Wakati, kama mawingu yanavyosukumwa na upepo. Mwindaji akawatia hatiani wote wawili. Mwishowe akaja Wakati, akasema si mimi, si Mauti, si nyoka. Mtoto amekufa kwa karma yake mwenyewe.

Gautami hakuwa amesubiri kuambiwa. Akasema ni kweli, mwanangu amekufa kwa karma yake, na mimi nami nimetenda yaliyonifanya nimpoteze. Nendeni, na wewe Arjunaka, mfungue nyoka. Kamba ikafunguliwa, kila mmoja akaenda zake.

Mtu anaweza kuisoma simulizi hii akaona ukatili: mtoto mdogo ameambiwa kosa ni lake. Lakini tazama nani anatamka neno la mwisho, na kwa kazi gani. Anayetamka ni mama aliyefiwa, anajitaja mwenyewe, na kwa kutamka kwake kamba inafunguliwa na kisasi kinakatika. Hakuna anayemnyooshea kidole. Yudhishtira naye, mfalme aliyejaa majuto, anapewa simulizi hiyo ili apate kupumua. Neno hilohilo likitoka kinywani mwa mpita njia, juu ya mtoto wa mwenzake, lingekuwa limegeuka kuwa jiwe la kumtupia.

Na limegeuka mara nyingi. Itakuwa si haki kumlaumu kocha wa Kiingereza na kuwaachia waliotangulia. Upanishadi ya Chandogya ina kifungu kinachosema kwamba wenye mwenendo mwema watazaliwa katika tumbo la Brahmini au la mtawala, na wenye mwenendo mchafu watazaliwa na mbwa, nguruwe, au mtu wa tabaka la chini kabisa. Kifungu hicho na vinavyofanana nacho vilitumika kwa karne nyingi kumwambia mzoa taka kwamba umaskini wake ni stahili yake. Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka lililotengwa na baadaye akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, aliyajua haya kwa maisha yake. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na wafuasi wake laki kadhaa. Katika kitabu chake kuhusu Budha, kilichotoka mwaka uliofuata baada ya yeye kufariki, alikataa fundisho kwamba mtu analipa madeni ya maisha yaliyopita. Aliona kwamba faida yake pekee ni kuiruhusu serikali na jamii ikwepe dhamana yake kwa maskini. Kwake karma ilibaki kuwa matendo ya maisha haya na matokeo yake kwa jamii hii. Watawa wengi wa Kibudha hawakukubaliana naye, na hata leo hawakubaliani.

Wakubwa wengine nao waligongana. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko la ardhi lilibomoa miji ya Bihar na kuua maelfu ya watu. Gandhi, aliyekuwa akizunguka India kupinga utengaji wa watu wa matabaka ya chini, alitangaza kwamba tetemeko ni adhabu kwa dhambi hiyo ya utengaji. Mshairi Rabindranath Tagore, ambaye aliuchukia utengaji kama Gandhi, alimwandikia kupinga: matetemeko yana sababu za kimaumbile, na anayewafundisha watu vinginevyo anawaongezea ushirikina. Gandhi aliichapisha barua hiyo katika gazeti lake, akajibu kwamba habadiliki. Katika ule uzio wa sababu nane, Tagore alikuwa amesimama upande wa nyongo na majira.

Kwa watu wa kawaida mambo hayajagawanyika hivyo. Katika familia nyingi za Kigujarati, zikiwemo za Afrika Mashariki, usiku wa sita baada ya mtoto kuzaliwa huwekwa kalamu na karatasi karibu na kitanda, kwa kuwa ndio usiku ambao Vidhata huja kumwandikia mtoto maisha yake. Hayo ni majaaliwa, tena yenye wino. Lakini asubuhi yake bibi huyohuyo atatoa sadaka ya chakula, na miaka ikienda atamkanya mjukuu asiseme uongo maana kila tendo lina tunda. Hajioni amejipinga.

Basi turudi kwa Wabudha, kwa mtu ambaye kwa kanuni ya “malipo ni hapahapa” asingepaswa kupona. Angulimala alikuwa jambazi katika nchi ya Kosala, aliyeua watu na kuvaa vidole vyao kama shada shingoni. Alikutana na Budha njiani, akaacha upanga, akawa mtawa. Mfalme Pasenadi, aliyekuwa ametoka na askari wapanda farasi kumtafuta, alipoonyeshwa kwamba ndiye yule aliyeketi kimya amenyoa kichwa, aliogopa kwanza, kisha akamwahidi mavazi na chakula.

Wananchi hawakuwa wepesi kama mfalme. Angulimala akipita Savathi kuomba chakula, donge lililotupwa na huyu, fimbo ya yule na jiwe la mwingine vilimpata. Alirudi kwa Budha kichwa kimepasuka, damu inatiririka, bakuli limevunjika, joho limechanika. Budha alimwambia avumilie: anayahisi sasa, katika maisha haya, matunda ya matendo ambayo yangemchoma kwa maelfu ya miaka motoni. Chumvi ilikuwa ileile, na maji yalikuwa yameshakuwa mengi.

Kabla ya hapo, katika mitaa hiyohiyo, alimwona mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, mtoto hatoki. Alimwonea huruma, akaenda kumweleza Budha. Budha alimtuma arudi amwambie yule mama kwamba tangu azaliwe hajawahi kuua kiumbe kwa kukusudia, na kwa ukweli huo mama na mtoto wawe salama. Angulimala akasita, huo si ungekuwa uongo mtupu? Budha akamrekebishia: sema tangu ulipozaliwa katika utawa. Akaenda, akasema, na mama akajifungua salama. Huko Sri Lanka na katika nchi nyingine za Kibudha, mwanamke anapokaribia kujifungua, watawa bado humsomea maneno hayo, na dua hiyo huitwa kwa jina la yule muuaji.